Jaribio Lililozimwa

Kazini walimwita Kipimo, na jina hilo lilimganda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mkaguzi wa programu za kompyuta, na ukaguzi ulikuwa umemwingia damuni. Akikaribishwa kiti, alikitikisa kwanza ndipo akakaa. Akinunua kalamu dukani, aliijaribu kwenye kiganja, kisha akaigeuza kichwa chini akaijaribu tena, mwenye duka akimtumbulia macho. Mama yake, fundi cherehani aliyekuwa na chumba chake cha kushonea mbele ya nyumba, alikuwa akisema binti huyu angezaliwa upya angemkagua mkunga.

Rafiki yake mkubwa alikuwa mtayarishaji programu wa kampuni ileile, mwanamke wa rika lake. Walichangia jina moja, na tangu siku mhasibu alipowachanganya kwenye barua za ajira, wakaanza kuitana somo. Wakawa chanda na pete. Somo aliandika programu, Kipimo akazijaribu, na mchana wakala pamoja wakicheka makosa ya asubuhi. Binti wa Kipimo, aliyekuwa darasa la pili, alimwita Somo mama mdogo, na akiugua, huyo mama mdogo ndiye aliyetangulia kufika na juisi.

Kisha ikaja ile programu ya zahanati.

Ilikuwa kazi nyepesi ukiitazama juujuu. Mtoto anawekwa kwenye mizani, mizani inatuma uzito kwenye kompyuta, kompyuta inamwambia nesi kiasi cha dawa ya maji. Kipande kimoja cha programu kilipokea uzito kutoka kwenye mizani. Kipande kingine kilipiga hesabu ya dawa. Kipimo alivijaribu kimoja kimoja, vyote vikatoka kijani, maana kwenye kioo cha majaribio kijani ni salama na nyekundu ni kasoro. Lakini hakuridhika. Akaandika jaribio la tatu, la kuviunganisha viwili hivyo na kuona kama vinaelewana. Likatoka jekundu.

Siku iliyofuata ndiyo ilikuwa ya kukabidhi. Alimfuata Somo mezani kwake.

"Somo, hapa pana shida. Nikiunganisha, jibu la dawa linaruka."

Somo hakuinua macho. "Ni ile mizani ya majaribio, mbovu ile. Niachie, nitashughulika nayo."

Kesho yake Kipimo akafungua kioo: kijani kitupu toka juu hadi chini. Akajua Somo ameshughulika nayo. Yeye aliyetikisa kila kiti, hicho hakukitikisa.

Kumbe mizani ilikuwa ikituma gramu, na hesabu ya dawa ilikuwa ikisubiri kilo. Zahanati ilipoanza kuitumia, nesi alimpima mtoto wa kilo tisa. Kompyuta ikaona elfu tisa, ikarukia kiwango cha juu kabisa, cha mtoto mkubwa. Nesi alitazama kioo, akamtazama mtoto, akarudi kwenye kioo, kisha akaziba chupa na kupiga simu. Mtoto hakudhurika. Lakini zahanati ilirudisha programu siku ileile, na kikao kikaitishwa kampuni.

"Kuna jaribio linalounganisha mizani na hesabu ya dawa?" bosi aliuliza.

"Lipo," Kipimo akajibu. "Niliandika mimi."

"Kama lipo, mbona halikuwaka jekundu?"

Akamgeukia Somo. Somo alikuwa akiitazama meza kana kwamba imeandikwa kitu. "Mimi sikuliona," akasema kwa sauti ya chini.

Basi. Unga ulimwagika. Kabla ya saa ya kutoka, Kipimo alikuwa amefungiwa milango yote ya kwenye kompyuta, hata ile ya kuangalia kazi yake mwenyewe aliyoiandika. Somo alimbebea boksi la vitu mpaka kituoni, akilia kwa kwikwi hadi wapita njia wakadhani yeye ndiye aliyefukuzwa.

Kilichomuumiza Kipimo zaidi hakikuwa kufukuzwa. Alianza kujishuku. Pengine jaribio aliliandika vibaya. Pengine hakulihifadhi. Alikuwa akikaa kwenye kigoda cha mama yake, akishikiza vifungo kwenye sare za shule ili asikae bure, na mkononi mwake mna sindano lakini kichwani anaandika lile jaribio upya, mstari kwa mstari, akitafuta mahali alipokosea. Hakupaona. Na kwa kuwa hakupaona, akazidi kuamini kuwa hajui kuona.

Miezi ikapita. Alasiri moja Somo akaingia chumba cha cherehani na habari: kuna kampuni inayotengeneza programu za hospitali kubwa, inatafuta kiongozi wa ukaguzi.

"Omba, somo. Nafasi hiyo ni yako kabisa," akasema, akimshika mikono yote miwili.

"Wataniuliza kwa nini niliondoka."

"Watakuuliza mambo ya majaribio. Njoo tujifue. Mimi msaili, wewe msailiwa."

Wakajifua. Wiki nzima Somo alikuja baada ya kazi, akaketi kwenye rundo la vitambaa na kuuliza kama msaili mwenyewe, midomo kaibana. Alimwuliza tofauti ya majaribio ya kipande na majaribio ya muunganiko. Kipimo, mkono ukiwa bado na sindano, akamjibu kwa alichokuwa nacho.

"Mama yangu ni fundi cherehani," alisema. "Nikikupa kifungo, unakikagua: hakina ufa, mashimo yake yamo, kimekaza. Hilo ni jaribio la kipande. Nikikupa tundu la kifungo, unalikagua: limetarizwa vizuri, halichaniki. Hilo nalo ni la kipande. Vyote vizima. Lakini hujafunga shati bado. Siku ya kufunga ndiyo unagundua kifungo ni kikubwa kuliko tundu. Kule kufunga ndiko jaribio la muunganiko."

Somo alipiga makofi. "Ala! Hiyo rudia. Rudia polepole." Akawa anaandika kwenye simu yake. "Nakupangia maneno yakae sawa," alieleza.

Kipimo akarudia. Akaongeza mengine pia: kwamba la kipande hukimbia haraka, kwa sababu majirani wa kile kipande hawaalikwi, wanawekwa vibadala vya kuigiza, na likiwaka jekundu, kidole kinaelekea palepale penye kosa. La muunganiko ni la polepole, linataka hifadhidata halisi na mitambo halisi, na likiwaka jekundu linakuambia tu kwamba humu ndani watu wamegombana, nani alianza utafute mwenyewe. Kwa hiyo yale ya kwanza unaandika mengi, haya ya pili machache ya maana, wala hakuna linaloweza kukaa mahali pa mwenzake. Mama mtu, miguu ikiwa kwenye pedali, alisema haelewi neno lakini binti yake anasema vizuri.

Siku ya usaili Kipimo alivaa gauni aliloshonewa na mama yake, akaenda. Ghorofa ya tatu, chumba chenye ubao mweupe na harufu ya zulia jipya. Wasaili walikuwa wawili. Mmoja mwanamume wa makamo mwenye miwani, mhandisi mkuu. Wa pili dada mmoja kijana, mtayarishaji programu, mchangamfu, laptopu imejaa vibandiko.

Mhandisi hakupoteza muda. "Tuelezee majaribio ya kipande na ya muunganiko kama unamweleza mtu asiye wa fani."

Kipimo akatabasamu. Hilo alikuwa amelala nalo. "Mama yangu ni fundi cherehani," akaanza. "Nikikupa kifungo…"

Akaona wanatazamana.

Akaendelea, lakini maneno yakaanza kumkauka. Alipofika kwenye kufunga shati, dada wa laptopu alikuwa ameinamisha uso kuficha kitu kinachofanana na kicheko. Mhandisi alivua miwani, akaifuta.

"Mfano mzuri," alisema. "Ni vile tu tumeshausikia. Hapa hapa, kwenye kiti hicho. Na yule naye mama yake ni fundi cherehani."

Watu wawili duniani waliwahi kuusikia mfano ule, na mmoja alikuwa nyumbani akishona mapazia.

"Huu wa kwangu," alisema, na alipojisikia, akaona sauti yake imetoka kama ya mtu anayeiba.

"Sijasema si wako," mhandisi akajibu, na ubaridi ukawa umeingia chumbani. "Tuendelee. Tupe kosa moja ulilowahi kuliona, ambalo majaribio ya kipande hayakulikamata."

Angeweza kusema jingine. Lakini hilo moja ndilo lililokuwa likimla usiku na mchana, na mdomo ulilitoa lenyewe: mizani, dawa, gramu, kilo. Hakumaliza. Dada wa laptopu alishindwa kujizuia.

"Hata hiyo!" alisema. "Lakini yeye alieleza mpaka mwisho. Kwamba lile jaribio la kuunganisha lilikuwepo, likawaka jekundu, na yeye mwenyewe akaliwekea alama ya kurukwa ili wawahi kukabidhi. Jaribio lililorukwa halihesabiwi kasoro, kioo kikabaki kijani. Alisema tangu siku hiyo—"

Mhandisi alikohoa kikohozi kisicho cha mafua. Dada akanyamaza, mkono mdomoni.

Kipimo alitazama mikono yake. Hakulia. Alichohisi kwanza, na baadaye kilimshangaza, kilikuwa nafuu. Jaribio lake lilikuwa zima. Aliliandika sawa, alilihifadhi, liliona kosa na likapiga kelele, na mtu akaliziba mdomo. Kisha nafuu ikapita, na nyuma yake kikaingia kile kingine. Somo alijua. Alijua kwenye kikao, alijua akibeba boksi, alijua kila alasiri akiketi kwenye vitambaa na kumwona anashikiza vifungo akijitafuta makosa. Tena alikuwa ameiomba nafasi hii hii, na alikuja kujaza kibaba kwake kabla ya kwenda kukimwaga hapa.

"Naomba maji," akasema.

Alikunywa. Akaweka glasi chini.

"Mwenzangu aliyewaeleza hayo ni mtu ninayemfahamu," alisema. "Siwezi kuthibitisha nani alianza kusema nini. Kwa hiyo nipeni kitu ambacho hakuna aliyewahi kukisikia. Nitakijaribu hapa, mbele yenu."

Mhandisi akainuka, akachukua kalamu ya ubao.

"Sawa. Tuna fanksheni ya vyumba vya upasuaji. Fanksheni, kama ujuavyo, unaipa vitu inakupa jibu. Hii unaipa nafasi mbili za chumba kimoja, kila moja ina saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Inajibu ndiyo zikigongana, hapana zisipogongana. Andika majaribio yake."

Kipimo alisimama ubaoni lakini hakuandika. "Kwanza niulize. Upasuaji mmoja ukiisha saa nne kamili, na mwingine ukaanza saa nne kamili, mnahesabu ni kugongana?"

"Hapana. Muda wa usafi umeshawekwa ndani ya nafasi."

"Na mtu akikosea, akaandika saa ya kumaliza iliyotangulia ya kuanza?"

Mhandisi akafikiri. "Ikatae. Itoe kosa."

"Sawa. Na urefu wa sifuri, kuanza na kumaliza saa ileile?"

"Ikatae pia."

"Saa pekee, au pamoja na tarehe?"

"Pamoja na tarehe."

Ndipo akaandika, akisema huku anaandika, na mkono ukawa unatulia kadiri unavyokwenda. Ya kwanza ikiwa mbili hadi tatu na ya pili nne hadi tano: hapana, hazikutani kabisa. Mbili hadi nne na nne hadi sita: hapana, zimegusana tu mlangoni. Mbili hadi nne na tatu hadi tano: ndiyo, zimepandana. Mbili hadi sita na tatu hadi nne: ndiyo, moja imemezwa na nyingine. "Hii watu husahau," alisema, "kwa sababu wanatazama kama mwanzo wa moja umeingia ndani ya nyingine, wanaacha upande wa pili." Zinazofanana kabisa: ndiyo. Zinazoanza pamoja lakini hazimalizi pamoja: ndiyo. Upasuaji unaoanza saa tano usiku na kuisha saa nane usiku, na mwingine wa saa saba usiku huohuo: ndiyo, ili kuona kama fanksheni haipotei siku ikigeuka. Saa zilezile, tarehe tofauti: hapana. Iliyokosewa saa: kosa. Ya sifuri: kosa. Isiyojazwa saa ya kumaliza: kosa.

"Halafu kila moja ya hizi nairudia kinyume, ya pili nikiitanguliza," akamaliza. "Kama mimi nimekugonga, na wewe umenigonga. Jibu likibadilika, fanksheni ina upendeleo."

Dada wa laptopu alikuwa ameacha kuandika, anasikiliza.

"Hayo yote yakitoka kijani," mhandisi akauliza, "nikabidhi programu?"

"Hapana." Kipimo aliligeukia swali hilo kana kwamba lilikuwa limemsubiri. "Hiyo ni fanksheni ikiwa peke yake. Hospitalini kuna manesi wawili, kompyuta mbili. Wote wanataka chumba kimoja, saa ileile, wanabonyeza pamoja. Programu inamwangalilia wa kwanza: hakuna nafasi iliyogongana, maana bado hakuna iliyohifadhiwa. Inamwangalilia wa pili: hakuna. Inahifadhi ya kwanza, inahifadhi ya pili. Fanksheni haijakosea hata kidogo, na wagonjwa wawili wako mlango mmoja. Hilo jaribio la kipande haliwezi kuliona, hata uandike mia. Unahitaji hifadhidata halisi, maombi mawili yatumwe kwa pamoja, tena mara nyingi, na uhakikishe kila mara moja limekubaliwa na jingine limekataliwa."

Mhandisi na dada walitazamana tena, lakini safari hii kwa namna nyingine.

"Dada," mhandisi akamwambia yule kijana taratibu, "hebu tukalijaribu hilo kwenye yetu leo."

Kipimo aliweka kalamu, akashukuru, akateremka ngazi. Hakwenda nyumbani. Alikwenda kwenye jengo la kampuni ya zamani, akasimama chini ya ngazi mpaka Somo aliposhuka akiwa na mkoba begani.

"Somo! Enhe, imekuwaje?" Somo alimjia mikono wazi.

"Walishausikia mfano wa vifungo."

Mikono ikashuka.

"Na ya mizani walishaisikia. Mpaka mwisho. Mimi ndiyo kwanza nimeusikia mwisho wake leo, kwa watu baki."

Somo alitazama nyuma yake, kuona kama kuna anayewasikia. "Ningekwambia."

"Lini?"

"Somo, kikao kile kilikuwa kinanila mimi. Nina mkopo wa nyumba, nina wazee wawili wananitegemea. Wewe una mama yako, una pa kushikilia."

"Sikuulizi kwa nini ulinyamaza pale. Nakuuliza kwa nini ulisema kule."

Somo akakunja uso kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Kule wanapenda mtu anayekiri kosa. Ni usaili tu ule. Hapa ilikuwa kazi yangu."

Kipimo alikuwa amejiandaa kwa kilio, hata kwa matusi. Kwa jibu hilo hakuwa amejiandaa. Lilisemwa kawaida kabisa, kama bei ya nyanya.

"Na mama yangu?" aliuliza. "Hata mama yangu umemchukua?"

Kipimo akampita, akapanda ngazi.

Bosi alikuwa anafunga ofisi. Alimsikiliza akiwa amesimama, funguo mkononi. Kipimo alimwambia yote, na akamwomba jambo moja: afungue historia ya mabadiliko ya programu, ambamo kila badiliko limebaki na jina la aliyelifanya, aone nani aliyeliwekea jaribio alama ya kurukwa.

"Nilishaona," bosi akasema.

"Lini?"

"Wiki ileile." Alizungusha funguo kidoleni. "Binti yangu, elewa. Mteja alitaka kusikia kuna mtu ameondoka. Mtayarishaji programu aliyeijua mifumo yetu yote alikuwa mmoja. Wakaguzi wanapatikana." Kisha, kama anayetoa zawadi: "Ukihitaji barua ya sifa, nitakuandikia nzuri sana."

Kipimo alitoka pale bila kuaga. Njiani akagundua anatembea katikati ya barabara, dereva mmoja akimpigia honi na kumwuliza kama kwao hakuna wa kumsubiri.

Kazi aliipata. Mhandisi alipiga simu mwenyewe, akasema lile jaribio la manesi wawili walilifanya siku ileile na programu yao ikawapa wote chumba kimoja. Akacheka kwa aibu. Kuhusu yule mwingine hakusema neno, na Kipimo hakuuliza. Mama yake alipiga vigelegele, majirani wakachungulia.

"Mwite somo wako aje tushangilie," mama akasema.

"Hatakuja, mama."

Mama alimtazama, akaona, akarudisha mguu kwenye pedali. Aliyeuliza alikuwa mtoto, jioni, akiwa na madaftari mezani: mama mdogo yuko wapi siku hizi? Kipimo alitafuta jibu la uongo mzuri na hakulipata. Akamwambia kwamba mama mdogo alifanya kosa, akaacha mama apewe adhabu yake.

"Alikuomba msamaha?"

"Hapana."

Mtoto akachora mstari pembeni ya daftari. "Labda hajui kama umejua," akasema.

"Anajua."

Simu ya Kipimo ilikuwa pale mezani, ujumbe umeingia tangu mchana: *Hongera somo, nimesikia, nilijua utaweza.* Kipimo aliusoma tena, akatafuta ndani yake lile neno moja, halikuwemo. Akaufuta, akalifuta na jina. Kisha akavuta kiti karibu na mtoto wake wafanye hesabu za shule, na kwa muda mrefu hakuweza kusoma kilichoandikwa.